Kamba Nne za Jenipha

Makoye hakuwa mjinga. Hilo tuliweke wazi mapema kabisa, kwa sababu mtu ambaye angemwona Jumatano ile asubuhi, amesimama mbele ya ukuta wa ofisi pale Mugumu, mdomo wazi na mikono nyuma, angeapa kwamba jamaa hajawahi kukanyaga darasa. Kidato cha nne alimaliza. Simu alikuwa anaifungua na kuifunga bila kubakiza skrubu mezani, jambo ambalo mafundi wengi hawaliwezi, wasikudanganye. Lakini ile picha ya ukutani ilikuwa imemshinda.

Ilichorwa nyuma ya karatasi ya kalenda ya zamani. Juu kulikuwa na visanduku vinne vilivyojipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Cha kwanza kiliandikwa Mtumiaji, na pembeni yake kimechorwa kijitu chenye miguu ya njiti. Cha pili Programu, cha tatu Seva, cha nne Kanzidata. Kila kisanduku kilining'iniza mstari wa kukatikakatika mpaka chini ya karatasi, na kati ya mistari hiyo ilipita mishale, mingine inakwenda kulia, mingine inarudi kushoto.

"Hii ndiyo inaonyesha mtu anavyoingia kwenye mfumo wetu," alisema Jenipha. "Anaandika namba yake ya simu na neno la siri, halafu yanatokea haya yote. Umeielewa?"

"Nimeielewa," alisema Makoye.

Uongo mtupu! Lakini wewe ungesemaje? Jenipha ndiye aliyeandika programu ile yote kwa mikono yake, binti wa kijiji cha Robanda mwenye haraka ya kuongea na haraka zaidi ya kucheka. Ndiye pia aliyemfundisha Makoye kompyuta kwenye darasa la jioni, akamwona ana mkono mzuri, akamleta ofisini kwa Amos, mkuu wao. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kujaribu programu kabla haijafika kwa watu: abonyeze kila kitu, akosee makusudi, aone inapokwama, aandike. Ukishaletwa mahali kwa jina la mtu, ni aibu kusema huoni kitu.

Programu yenyewe iliitwa Tahadhari. Ilitengenezwa kwa ajili ya walinzi wa mashamba wa Robanda, kule tembo wanakovuka mpaka wa hifadhi na kuja kuvuna mahindi wasiyoyalima. Mlinzi akiwaona, anaingia kwenye programu, anatuma taarifa yenye jina lake na kona ya mashamba aliyoandikishwa kuilinda, askari wa wanyamapori wanapigiwa. Ijumaa programu ilikuwa inapelekwa Robanda. Na Amos, ambaye huwa hapindishi maneno, alikwisha kumwambia Makoye mbele ya watu.

"Mura," alisema, kwa namna Wakurya wanavyomwita kijana yeyote hata kama si Mkurya mwenzao, "kabla hatujaondoka Ijumaa nataka ripoti ya majaribio ya kuingia. Ikieleweka, unasaini mkataba. Isipoeleweka, tunaachana kwa amani. Sitakuficha."

Kuachana kwa amani ni maneno matamu kwa anayeyasema. Kwa Makoye, kuachana na ofisi ile kulikuwa na maana moja tu: kurudi shimoni.

Alitoka Shinyanga akiwa kijana kufuata dhahabu, kama walivyofuata wengine, akaishia Genkuru kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Duara ni shimo, lakini usilifikirie shimo la choo. Unashuka kwa kamba mpaka mbingu inabaki tundu dogo juu yako, na huko chini mnachimba kwa pembeni, mkishikilia mwamba kwa magogo yanayoitwa matimba. Makoye alifanya kazi hiyo miaka. Alimwoa Leonida huko huko, wakapata mtoto, Irine, na siku moja duara lao likaporomoka. Hakuna aliyekuwemo, Mungu ni mkubwa, na sababu ya kutokuwemo nitaisema baadaye. Lakini Leonida alikuja mpaka pale juu, akatazama lile vumbi linavyopanda, akasema mbele ya wanaume wote: "Makoye, ukishuka tena humo, utakapopanda hutanikuta."

Wakahamia Morotonga, jirani na Mugumu. Leonida akalima, Makoye akaweka meza ya kutengeneza simu, kisha darasa, kisha ofisi. Ila kamba yake ya duara hakuiuza. Aliikunja akaiweka chini ya kitanda. Leonida alikuwa anaifagia pembeni kila asubuhi bila kusema neno, na Makoye alikuwa anamwona anavyoifagia. Wachimbaji wenzake wa kule Genkuru bado walikuwa wanampigia: nafasi ipo, njoo.

Basi ndiyo maana alisema ameielewa picha.

"Haya, nielezee wewe," alisema Jenipha, akavuta kiti.

Makoye akakohoa. Akanyoosha kidole kwenye ile mistari minne inayoning'inia.

"Hapa kuna kamba nne," alianza.

"Kamba?"

"Si kamba hizi? Kila mmoja ana duara lake. Mtumiaji anashuka kwenye lake, akifika hapa anatoboa kwenda kwa Programu." Akafuata mshale wa kwanza. "Wakifika chini zaidi wanatoboa kwenda kwa Seva. Halafu chini kabisa ndiko kwenye mali yenyewe."

Jenipha alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. Halafu akaangua kicheko mpaka akashika meza. Makoye naye akacheka, maana ukichekwa na huwezi kukasirika, cheka.

"Kaka Makoye, jamani! Hakuna anayeshuka. Chini siyo kina. Chini ni baadaye. Mshale wa juu unatokea kwanza, wa chini yake unafuata, wa chini yake unafuata. Hiyo mistari ni muda unaopita kwa kila mmoja. Unasoma kama unavyosoma barua, juu kwenda chini."

"Chini ni baadaye," alirudia Makoye, kama anayekariri katekisimu.

"Eeh. Na mtu haendi popote. Mtumiaji amekaa pale pale Robanda na simu yake. Kinachosafiri ni ujumbe."

Hapo Makoye aliirudia picha kwa macho. Kwa hiyo mshale si mtu anayetembea. Ni neno lililotumwa. Sawa. Jenipha akaendelea naye taratibu, mshale kwa mshale. Mtumiaji anaiandikia Programu namba na neno la siri. Programu inavipeleka kwa Seva, ile kompyuta iliyoko mbali. Seva inaiuliza Kanzidata, ghala la taarifa: mwenye namba hii unamjua? Mshale wa kukatikakatika unarudi kushoto, maana yake ni jibu. Mshale mzima umeuliza, wa kukatikakatika umejibu.

"Kanzidata inamrudishia Seva neno la siri la huyo mtu?" aliuliza Makoye.

"Hapana! Neno lenyewe halimo. Limo likiwa limesagwa. Siku mtu anajiandikisha, Seva inalisaga, inaweka unga tu. Huwezi kuurudisha unga ukawa neno tena. Leo mtu akiandika neno lake, Seva inalisaga kwa njia ile ile, halafu inalinganisha unga na unga."

"Karasha!" alisema Makoye, uso ukachangamka. Karasha ni ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu, na mtu aliyefanya kazi Genkuru huhitaji kumfundisha kwamba jiwe likishapita humo halirudi kuwa jiwe.

"Haya, karasha," alisema Jenipha kwa furaha. Alidhani wamevuka. Masikini, hata robo ya mto walikuwa hawajafika.

Kwa sababu hapo chini ya karatasi kulikuwa na sanduku kubwa lililozungushia mishale kadhaa. Kwenye kona yake ya juu liliandikwa *alt*. Katikati lilikatwa na mstari wa kulala. Sehemu ya juu iliandikwa "unga umefanana": Seva inatengeneza tokeni, inairudisha kwa Programu, Programu inaihifadhi na kufungua ukurasa wa mwanzo. Sehemu ya chini iliandikwa "unga haujafanana": Seva inarudisha kosa, Programu inamwambia Mtumiaji kwamba namba au neno la siri si sahihi.

"Tokeni ya umeme?" aliuliza Makoye.

"Siyo ya umeme. Ni kama kibali. Programu ikishakuwa nayo, kila ikiomba kitu kwa Seva inaonyesha kibali hicho, ili mtu asiulizwe neno la siri kila dakika."

"Sawa. Na hapa chini?"

"Hapa chini anakataliwa."

Makoye akakuna kichwa. Alitazama juu ya sanduku, akatazama chini ya sanduku. Chini ni baadaye. Ameambiwa sasa hivi, na mdomo uliosema bado haujakauka.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "anaingia kwanza. Akishaingia, ndipo anakataliwa."

"Hapana."

"Lakini kukataliwa kuko chini."

"Kuko chini, ndiyo, ila si baadaye."

"Si umesema chini ni baadaye?"

"Chini ni baadaye, isipokuwa ndani ya hili sanduku... yaani hata ndani ya sanduku chini ni baadaye, ila ukivuka huu mstari wa katikati inakuwa siyo baadaye, inakuwa..." Jenipha alisimama. Alijitazama vidole. "Ngoja. Nianze upya."

Akaanza upya. Akasema ni ama hivi ama vile. Ukipita juu hupiti chini. Makoye akaitikia. Akaambiwa alt ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana hiyo ya ama. Akaitikia. Lakini kuitikia kwa Makoye kulikuwa kule kwa kanisani, unapoitikia sala kwa sababu wenzako wameitikia. Kichwani mwake mstari ule wa katikati ulikuwa sakafu ya mbao kati ya ngazi mbili za duara, na mtu anayetaka kufika ngazi ya chini lazima apite ya juu. Hajawahi kuona ngazi ya chini isiyo na ya juu yake. Wewe umewahi?

"Tuko pamoja?" aliuliza Jenipha.

"Tuko pamoja, mwalimu."

Simu ya Jenipha ikaita. Ilikuwa ni Tomaso, kiongozi wa walinzi wa Robanda, anauliza habari za Ijumaa. Jenipha akachukua mkoba, akasema anakwenda huko mara moja kuandikisha namba za walinzi, akamwachia Makoye namba za majaribio mbili, moja ya Tomaso na nyingine ya mlinzi mwenzake aitwaye Nchagwa, pamoja na maneno yao ya siri. "Jaribu kila njia iliyo kwenye picha," alisema mlangoni. "Kila mshale."

Makoye akabaki na picha. Aliiogopa, nisikufiche. Alivuta kiti karibu, akashika simu ya ofisi, akaamua atafanya kama alivyoelewa, yaani juu kwanza, chini baadaye. Akaandika namba ya Tomaso na neno lake sahihi. Ukurasa wa mwanzo ukafunguka: *Karibu, Tomaso.* Vizuri. Hiyo ni nusu ya juu ya sanduku.

Sasa nusu ya chini. Kwa akili yake mtu hatoki kwenda kukataliwa. Anakataliwa akiwa amekwisha kuingia. Kwa hiyo hakubonyeza kitufe cha kutoka. Alibonyeza kishale cha kurudi nyuma mpaka ukurasa wa kuandika namba ukaja tena, akaandika namba ya Nchagwa, na kwenye neno la siri akaandika upuuzi aliojitungia.

Maandishi mekundu yakapita haraka: namba au neno la siri si sahihi. Kabla hajamaliza kuyasoma, ukurasa wa mwanzo ukafunguka.

*Karibu, Tomaso.*

"Heh!" alisema Makoye peke yake.

Akarudia. Ikawa vile vile. Nyekundu, halafu karibu. Amekataliwa na amekaribishwa, vyote kwa pamoja, na tena kwa jina la mtu mwingine. Akaitazama picha. Kwenye picha mtu anaingia, halafu anakataliwa. Kwenye simu mtu anakataliwa, halafu anaingia. Ina maana amesoma picha kichwa chini? Au chini si baadaye tena? Alichokuwa na uhakika nacho ni kimoja tu: kosa ni lake. Msichana aliyesomea mambo haya hawezi kukosea, na mchimbaji wa Genkuru hawezi kupatia.

Kwenye kompyuta ripoti ilikuwa inamsubiri. Mstari wa kwanza, neno sahihi, anaingia: akaandika "sawa". Mstari wa pili, neno lisilo sahihi, anakataliwa. Kidole kikasimama hewani. Maandishi mekundu si yalitokea? Si amekataliwa? Akaandika "sawa". Akafunga kompyuta, akaenda nyumbani huku jua bado liko juu.

Leonida alikuwa uani anapepeta ulezi. Alimtazama mara moja tu.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu kina sura hiyo?"

Basi Makoye akakaa kwenye gogo, akasema yote. Kamba ambazo si kamba, chini ambayo ni baadaye ila si baadaye, mtu anayekataliwa na kukaribishwa. Leonida alipepeta akisikiliza, na kama ungemuuliza ameelewa nini angekwambia hakuelewa chochote. Lakini mwisho alitua ungo.

"Na umewaambia ulichokiona?"

"Nitawaambia nini, mama Irine? Kwamba sijaelewa? Ijumaa Amos ananisubiri. Wataona nimewapotezea muda wao wote."

"Mayunga aliwaambia nini siku ile?"

Ngoja sasa nikwambie ile niliyoiacha nyuma.

Kwenye duara lao kulikuwa na desturi waliyoiita kutoa ya chini. Anayepanda hanawi, hanywi maji, hamsalimii mtu kwanza. Anasimama mdomoni mwa duara anawaambia wanaosubiri kushuka alichokiona na kusikia huko, hata kama ni upuuzi, hata kama hana uhakika. Asiyetoa ya chini hashuki tena na wenzake. Mayunga, mtu wa kwao Makoye, alikuwa mwoga na kila mtu alimcheka kwa uoga wake. Siku ile alipanda akasema, "Nimesikia mti unalia. Labda ni masikio yangu." Wakamcheka sana. Wakamwita bibi harusi. Lakini desturi ni desturi. Ya chini ikishatolewa hakuna anayeshuka mpaka iangaliwe. Wakaketi juu wakivuta sigara na kumtukana Mayunga, na wakiwa katika kutukana kwao ardhi ikanywea ndani. Makoye ndiye aliyekuwa amekwisha kujifunga kamba kiunoni tayari kushuka.

"Mayunga hakuwa na uhakika," alisema Leonida. "Na mimi leo nina mume."

Makoye aliinama. Machozi yalimlenga, na hakuyaficha.

Alhamisi aliingia ofisini hata begi hajalitua, akasimama mbele ya Amos na Jenipha. "Shikamoo, mzee," alimwambia Amos, maana desturi ya duara si desturi ya ofisi, halafu akamwaga yote. Jana niliandika sawa kumbe si sawa. Nimeandika neno la uongo, imenikataa, halafu imenikaribisha kwa jina la Tomaso. Labda sikuielewa picha.

Amos akakunja uso. Jenipha akaruka kitini. "Haiwezekani! Hiyo nimeijaribu mimi mwenyewe!" Akatoa simu yake, akafungua programu, akaandika neno lisilo sahihi mbele yao. Maandishi mekundu yakatokea, yakakaa pale pale, hakuna ukurasa uliofunguka. "Unaona? Inakataa."

Inakataa kweli. Makoye alitamani sakafu ipasuke. Amos akashusha pumzi ndefu, ya mtu anayetafuta maneno ya kuachana kwa amani.

"Hebu na mimi," alisema Makoye kwa sauti ndogo, akachukua simu ya ofisi. Neno la uongo. Nyekundu. *Karibu, Tomaso.*

Wote watatu wakainamia skrini.

"Lete," alisema Jenipha. Akabonyeza kitufe cha kutoka, akajaribu yeye. Ikakataa, vizuri kabisa. "Mbona kwangu inakataa?" Akamrudishia Makoye. Makoye akaingia kwanza kwa neno sahihi, akarudi nyuma, akaandika upuuzi wake. Ikamkaribisha. Amos akavaa miwani, akaivua. Alijaribu naye, akasahau neno la siri, akaingia bila kulijua, akashtuka kama ameingia nyumba ya watu. Ofisi nzima ilikuwa haijui tena nani anakataliwa na nani anakaribishwa.

"Subiri," alisema Jenipha. "Kaka Makoye, kwa nini unaingia kwanza?"

"Si picha inasema hivyo? Juu anaingia. Halafu chini anakataliwa."

"Hakuna *halafu*! Nilikwambia ni ama! Ama juu, ama chi..."

Hakumaliza. Mkono wake ulibaki umeelekea ukutani. Kisha akageukia kompyuta, akaanza kupekua mistari ya programu, akisonya mara mbilimbili, mpaka akagonga meza.

"Mama yangu wee. Seva imekataa sawasawa. Ni Programu. Baada ya kumwonyesha mtu kosa inaangalia kama ina tokeni, na ikiikuta inafungua mlango. Haiangalii kama ni ya leo au ya mtu aliyetangulia. Tokeni ya Tomaso bado imo humo humo kwenye simu." Akamgeukia Makoye. "Mimi kila nikijaribu naanza na simu safi. Sikuwahi kukosea baada ya kuingia. Nani anafanya hivyo?"

"Robanda wana simu ngapi?" aliuliza Amos.

Jenipha alifumba macho. Alikuwa Robanda jana tu, na Robanda ni kwao. Walinzi wanashea simu moja ya kikundi. Anayetoka zamu anampa anayeingia, mkononi, bila kubonyeza kitu, akiwaza kitanda. Nchagwa akikosea herufi moja gizani na tembo wako shambani kwake, taarifa ingetoka kwa jina la Tomaso, kutoka kona ya Tomaso, na askari wangeelekea huko. Tomaso angeamshwa kuulizwa tembo asiowajua. Na mahindi ya Nchagwa yangeliwa.

"Watu wa Robanda wangemtoa Tomaso roho," alisema Jenipha, na hakuwa anacheka.

Mchana wote ule alirekebisha. Aliongeza mshale mmoja kwenye picha, unaotoka kwa Programu na kuirudia Programu yenyewe, juu kabisa kabla ya kumpelekea Seva chochote: futa tokeni ya zamani. Makoye akajaribu tena na tena kwa njia yake ile ile ya kishamba, akiingia kwanza halafu akikosea, na safari hii maandishi mekundu yalibaki mekundu. Akafuta ile "sawa" ya uongo, akaandika yote yaliyotokea, na kosa lake pia.

Ijumaa, gari la Robanda likiwa linanguruma nje, Amos aliisoma ripoti akiwa amesimama. Akaita, "Mura, njoo hapa," akaonyesha sanduku la picha. "Mwisho wa yote. Nieleze hili."

Makoye alilitazama. Jenipha alikuwa anamwombea kwa macho.

"Ni ama," alisema Makoye. "Ila, mzee, sitakuficha. Nikiliangalia bado naona sakafu ya mbao."

Amos akamgeukia. "Basi hujaelewa."

"Bado."

"Ukielewa utaniambia?"

"Nitakwambia. Na nisipoelewa nitakwambia."

Amos akachukua kalamu mfukoni, akampa. "Saini hapo, twende. Tembo hawasubiri."

Jioni, aliporudi kutoka Robanda na vumbi mpaka kwenye kope, Makoye alimkuta Leonida uani. Hakunawa, hakunywa maji. Alisimama mlangoni akamwambia kwanza: nimesaini. Leonida hakupiga vigelegele. Aliingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoka na ile kamba ya duara begani, akapita mbele ya mumewe kwenda kufunga mbuzi.